Mama Mkubwa Alipovua Boshori

Kikao cha sendofu kilikuwa kimefika kwenye ahadi. Mweka hazina, binamu yetu mwenye daftari kubwa la kaunta, alikuwa anasoma majina ya walioahidi na hawajapunguza hata shilingi, na kila aliyetajwa alikuwa anapata kitu cha kutazama sakafuni. Njombe mwezi wa Julai si mahali pa kuvua nguo. Tulikaa ndani na makoti, dirisha moja limeachwa wazi kidogo kwa ajili ya moshi, jiko la mkaa katikati ya sebule. Mama mkubwa alikuwa amekaa karibu nalo kupita wote. Joto likamzidi, akavua boshori.

Daftari likasimama.

Kuanzia kwenye ngozi hadi kiasi cha vidole viwili, nywele zilikuwa nyeupe kabisa. Baada ya hapo, bila kubembeleza, zikawa nyeusi tii mpaka nchani. Mpaka wenyewe ulikuwa umenyooka kana kwamba mtu kaupiga kwa rula.

Shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, ndiye aliyepata sauti kwanza.

"Shemeji, unaumwa?"

"Naumwa nini?"

"Hicho kichwa."

"Kichwa hakiumi. Endeleeni na majina."

Wakaendelea, ila si kwa sauti ile ile. Nimekaa na jambo hili wiki kadhaa sasa, naanza kuandika naacha. Mvi zenyewe sina neno nazo. Kilichonikaa kichwani ni jinsi ukoo mzima ulivyojigawa kwa sababu yake, na jinsi yule niliyemdhania ana ubaya kuliko wote alivyokuwa na hoja yake peke yake.

Jumamosi za piko

Mama mkubwa alianza kuota mvi kabla hajafika miaka thelathini na tano. Kwa upande wa mama yangu hilo si ajabu, ni ukoo. Chembe zinazotengeneza rangi ndani ya kishina cha unywele huchoka mapema kwa watu wengine, na unywele unaoota baada ya hapo unatoka bila rangi. Haubadiliki ukiwa tayari umeshatoka; unazaliwa mweupe. Kwa hiyo mtu anayepaka rangi hapaki mara moja akamaliza. Nywele hukua kama sentimeta moja kwa mwezi, na kwenye kichwa cheusi hata nusu sentimeta ya weupe inaonekana ukiwa ng'ambo ya barabara. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, watoto wanakaa chini na yeye anainama juu ya madaftari yao. Kila wiki ya tatu ilibidi apake.

Aliyempaka alikuwa wifi yake, dada wa marehemu, anayekaa nyumba ya nne kushuka mtoni. Hakuna saluni iliyowahi kukigusa kile kichwa kwa rangi. Jumamosi mchana wifi anakuja na bakuli lake la plastiki, kwa sababu bakuli la bati linaharibu rangi. Unga wa piko unakorogwa na maji ya uvuguvugu mpaka uwe kama uji wa mtoto. Vaselini inapakwa kuzunguka paji la uso, masikio na kisogo ili ngozi isishike weusi. Halafu kwa mswaki mkuukuu, mstari kwa mstari, anapaka mashina tu. Wifi alikuwa mkali sana hapo: zile za nchani zimeshapakwa, ukizirudia kila mara zinakuwa kavu kama nyasi za Agosti na zinakatika.

Baada ya hapo ni kusubiri. Paketi inasema nusu saa, lakini aliyeandika paketi hakuwa Njombe. Rangi ile inashika kwa kukutana na hewa na joto; mwanzoni ni ya kahawia, inakolea polepole, na kwenye baridi inachelewa. Wifi alikuwa anamfunga kichwa kwa mfuko wa nailoni, na serikali ilipopiga marufuku mifuko ile Juni 2019, akahamia kwenye mifuko ya mkate. Nikiwa likizo nimemkuta mama mkubwa mara nyingi amekaa karibu na jiko, kichwani ameandikwa jina la kiwanda cha mkate, wanapiga soga ambayo sisi tukiingia inageuka kuwa habari za bei ya viazi.

Marehemu alipofariki, mwaka 2015, mama mkubwa alinyolewa pamoja na wafiwa wengine. Nywele zikaota upya, nyeupe zote. Msiba ulipokwisha anuliwa na miezi ikapita, wifi akaja na bakuli lake.

Hapo maneno yakaanza. Mjane anapaka piko, anampakia nani? Shemeji alilisema hilo kwa mzaha mbele ya watu, na mzaha wa shemeji kwa mjane mara nyingi si mzaha. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 68, inasema mjane yuko huru kukaa atakapo, kubaki bila mume au kuolewa na amtakaye, mila iseme nini. Mama mkubwa hakuwa na mpango wa kuolewa na hakumjibu. Alipaka.

Masikio

Kilichomwachisha hakikuwa falsafa. Yalikuwa masikio.

Mwaka jana, baada ya kustaafu, alianza kuamka Jumatatu masikio yanawasha. Akadhani ni sabuni. Safari iliyofuata kisogo nacho kikawasha na vipele vikatoka kwenye mstari wa nywele. Akadhani ni boshori la sufu. Safari ya mwisho, Jumatatu asubuhi kope zilikuwa zimevimba hata jicho moja halifunguki, na nyuma ya masikio ngozi inatoa majimaji.

Ilichukua muda kuunganisha mambo haya kwa sababu mzio wa namna hii hauji siku hiyo hiyo. Unapaka Jumamosi, Jumapili unaenda kanisani vizuri tu, maudhi yanaanza baada ya siku moja au mbili, na wewe unatafuta mchawi wa Jumatatu. Jambo la pili lililomchanganya ni kwamba alikuwa ametumia piko hiyo hiyo zaidi ya miaka ishirini bila shida. "Ingekuwa inanidhuru si ingenidhuru zamani?" Hapana. Mwili unaweza kuvumilia dawa miaka mingi kisha siku moja ukaikataa, na ukishaikataa haurudi nyuma. Kila ukiipaka tena, jibu linaweza kuwa kali zaidi.

Daktari aliyemwona alimuuliza swali moja: unapaka nini kichwani? Kisha akamweleza kwamba dawa inayotoa weusi wa rangi nyingi za nywele inaitwa parafenilinidiamini, kwenye paketi huandikwa pia kwa herufi PPD, na kadiri rangi inavyokuwa nyeusi ndivyo huwa nyingi zaidi. Akampa dawa ya kupaka na vidonge, akamwambia asiiguse tena hata kwa mkono mtupu.

Aliporudi nyumbani, mkwe wake wa kiume akatoa ufumbuzi: hina nyeusi, ya asili, haina kemikali. Hapa niingilie kidogo, maana nimeshalisikia hili mahali pengi. Hina ya majani inatoa wekundu wa machungwa yaliyoiva, basi. Ikiwa inatoa weusi mzito ndani ya saa moja, kuna kitu kimeongezwa, na mara nyingi kitu hicho ni PPD ile ile. Mama mkubwa, kwa bahati, ni mwalimu. Alipaka tone dogo kwenye kiwiko kwa ndani na kusubiri siku mbili bila kuosha. Siku ya pili kiwiko kilikuwa na uvimbe mwekundu wa ukubwa wa sarafu. Paketi ikaingia jikoni, kwenye moto.

Kwa nini hakunyoa

Swali ambalo kila mtu wa nje ya ukoo huniuliza ni hili: kwa nini asinyoe tu, aanze moja, badala ya kutembea na rangi mbili?

Kwa sababu kwetu mwanamke wa umri wake akionekana amenyoa, jirani wa kwanza atauliza nani amekufa. Na yeye alikuwa ameshanyolewa mara moja kwa sababu ya kifo, hakutaka kuonekana hivyo tena wakati binti yake wa mwisho yuko mbioni kuolewa. Kunyoa kungekuwa tangazo. Kuacha zikue kulikuwa uvivu tu, na uvivu wa mstaafu watu huusamehe.

Basi akavaa boshori kuanzia Machi, na kwa Njombe hakuna anayekuuliza kwa nini umevaa boshori. Ndani ya nyumba alisuka twende kilioni, ambayo ina faida yake: nywele zikilala kichwani mistari mistari, ule mpaka wa nyeupe na nyeusi hauonekani kama ukuta. Siku ya kikao alikuwa amefumua asubuhi ili asukwe jioni, ndiyo maana wote tuliuona wazi.

Kuna taabu nyingine ambayo hakuitegemea. Nywele nyeupe zinashika moshi. Anapikia kuni, na baada ya wiki chache zile mvi za mbele zikawa na umanjano kama karatasi ya zamani. Jirani akamwambia asuuze kwa bluu ya kufulia. Akakoroga kwa kipimo cha shuka. Mjukuu wake alikimbia nje kuita wenzake waje waone. Sasa anafunga kilemba akiingia jikoni, na bluu imerudi kwenye mashuka.

Kila mtu na lake

Baada ya kikao kile, simu hazikulala. Binti mkubwa, aliyeko Dar es Salaam, alikuwa wa kwanza: mama anazeeka, aje akae naye. Wiki moja kabla alikuwa amemwomba mama huyo huyo apande basi na magunia mawili ya viazi amletee.

Bibi harusi mtarajiwa alilia. Si kwa hasira. Alisema picha za harusi zinakaa ukutani maisha yote na kwenye picha mama atafanana na bibi. Akapendekeza wigi. Mama mkubwa akajaribu wigi mbele ya kioo, akageuka kulia, akageuka kushoto, akauliza bei. Alipotajiwa, alilivua akalirudisha kwenye mfuko wake kwa heshima.

Wazee wa kanisani walifurahi, na furaha yao ndiyo iliyomuudhi kuliko kilio cha binti. Walianza kumpisha kiti cha mbele. Vijana walianza kumpokea hata mfuko wa nusu kilo ya sukari. Muuza duka aliyekuwa akimwita mama akaanza kumwita bibi, na kumrudishia chenji huku akiihesabu kwa sauti, polepole, kama mtu anayemsaidia.

"Mwezi wa pili nilikuwa nambari nzima," aliniambia. "Wa saba nimekuwa sehemu."

Maneno ya mwalimu wa hesabu.

Mipaini

Shemeji alikuja siku ya kazi, saa nne, amevaa koti la kikao. Mimi nilikuwepo, na nilipotaka kutoka mama mkubwa akaniambia nikae nimenye viazi hapo hapo.

Kuna shamba la mipaini, ekari nne, alilolipanda na marehemu mwaka 2008. Mirathi ilishafungwa zamani, na yeye ndiye aliyeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo kuwa msimamizi. Shemeji hakugusa karatasi. Alianza mbali, akasifu ukoo, akasifu chai, kisha akasema umri umeenda, shemeji sasa apumzike, mipaini asimamie mwanawe yeye, kijana ana nguvu na tayari ana mnunuzi anayetaka shamba zima kwa macho.

Anayelima miti anajua maana ya kununua kwa macho. Mnunuzi anazunguka shamba, hapimi unene wa shina hata moja, anataja fungu moja la fedha. Anayefaidi ni yule anayejua kukadiria mbao ndani ya mti uliosimama, na huyo si mjane wala si kijana wa shemeji.

Mama mkubwa alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza:

"Shemeji, wewe umezaliwa mwaka gani?"

Akataja. Alikuwa amemzidi mama mkubwa miaka miwili.

"Na wewe mashamba yako umemwachia nani usimamizi?"

Shemeji akacheka. Akapapasa kichwa chake, ambacho hakina unywele hata mmoja.

"Mimi bado nipo nipo."

"Kumbe kipara hakizeeki," mama mkubwa akasema, akamwongezea chai.

Nimeufikiria sana mkutano ule. Kichwa kikiwa cheusi, mjane alikuwa mtu wa kushukiwa: ataolewa, atampeleka mwanamume mwingine kwenye mipaini ya marehemu. Kikawa cheupe, akawa mtu wa kupumzishwa. Shamba ni lile lile, na anayelitaka ni yule yule. Kwa shemeji nywele zilikuwa mlango tu. Ukifungwa mmoja anajaribu wa pili.

Mwezi uliofuata mama mkubwa alimwita mtu wa kupima miti, wakaingia shambani na utepe.

Wifi

Sasa nifike kwenye lililonikosesha usingizi.

Wifi hakusema lolote kikaoni. Alitazama kile kichwa, akasimama, akaaga kwamba ameacha maharage motoni. Baada ya hapo hakuja tena. Jumamosi ya kwanza, ya pili, hata salamu alituma kwa watoto. Nyumba ya nne tu kushuka mtoni. Wote tulikuwa na maelezo yetu: ana kiburi, anaona aibu kuwa na wifi mzee, amekasirika kwa niaba ya kaka yake, ametumwa na shemeji. Mimi niliamini hili la mwisho na nikalisema kwa sauti.

Agosti nilitumwa kumpelekea parachichi. Nilimkuta anachambua mahindi ya mbegu. "Kamwene," nikamsalimu kwa lugha ya nyumbani, akaitikia bila kuinua macho. Nikakaa. Nikamuuliza kwa nini haendi kwa wifi yake.

"Niende kufanya nini?"

"Kumsalimu."

"Miaka yote hiyo nilikuwa naenda kumsalimu? Nilikuwa naenda kumpaka."

Kisha akasema kwa kipande kipande, mikono ikiendelea na mahindi. Kwamba wifi yake hakumwambia habari ya masikio. Aliumwa mara tatu, akaenda kwa daktari, akajaribu kwenye kiwiko, akavaa boshori miezi minne, na kila wifi alipogonga mlango Jumamosi aliambiwa leo nimechoka, leo nina wageni. Alikuja kujua siku moja na mweka hazina.

"Mimi ndiye niliyemtia hiyo dawa. Mimi kwa mkono wangu. Si angeniambia?"

Nilirudi na hayo kwa mama mkubwa. Alikaa kimya kidogo, akajibu kwamba ndiyo maana hakumwambia. Angemwambia, wifi angejiona ndiye aliyemuumiza. Kila mmoja alikuwa anamlinda mwenzake, na kwa kulindana huko walikuwa hawajaonana mwezi mzima.

Sijui nani alianza kwenda. Kila mmoja anasema ni mwenzake. Ninachojua ni kwamba niliporudi Septemba niliwakuta barazani, bakuli la plastiki lipo, mswaki upo, mfuko wa mkate upo. Aliyekaa kwenye kigoda ni wifi. Naye ana mvi, tena nyingi, na hakuwahi kuziruhusu zionekane. Ila miaka yote alijipaka mwenyewe mbele ya kioo na kisogoni hakuwahi kufika vizuri. Alikuwa ametangaza kwamba kuacha hataacha, atazikwa mweusi, na kwamba kwa kuwa mwenzake sasa hana kazi Jumamosi, basi ashike mswaki.

Mama mkubwa alikuwa amevaa glavu mbili mbili, moja juu ya nyingine, na leso puani. Kwanza alikuwa amemlazimisha wifi apimwe kiwikoni siku mbili kabla, jambo ambalo wifi alilivumilia kwa malalamiko mengi. Alikuwa anapaka polepole mno, kama anayesahihisha mtihani.

"Umenipaka na shingo," wifi akasema.

"Tulia."

"Vaselini hukuweka."

"Nimeweka."

"Hukuweka. Naisikia inashuka. Nitaenda harusini na sharubu za kisogoni."

"Vaa boshori."